Kaya tulizozikosa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wasiojibu kwenye tafiti za kaya

Maswali haya nayasikia kila mafunzo ya wadadisi, na zaidi kwenye gari tukirudi jioni kutoka vijijini. Nimeyajibu kwa kazi ninayoijua: tafiti za kaya Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, ambako mdadisi anapiga hodi mlango kwa mlango akiwa na orodha ya kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Mwitikio mdogo na upogo ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kunatugharimu. Kiwango cha mwitikio ni hesabu tu: kati ya kaya zilizostahili kuhojiwa, ni ngapi zimehojiwa. Upogo ni umbali kati ya jibu ulilopata na jibu ambalo ungelipata kama kaya zote zingejibu, na umbali huo unavuta upande mmoja.

Mkulima yeyote wa viazi anaujua mzani uliochezewa. Unamla kilo tano kila gunia. Pima magunia kumi, pima elfu moja, bado unamla kilo tano kila gunia. Wasiojibu nao wanakuwa mzani wa namna hiyo, lakini pale tu wanapotofautiana na waliojibu katika jambo unalolipima. Ukiuliza kijiji kinachota maji wapi, aliyeko shambani na aliyeko nyumbani wanachota bomba lile lile, na kuwakosa nusu ya watu huenda kusikuharibie kitu. Ukiuliza ekari, vibarua au mauzo, mambo yanageuka, kwa sababu kilichomtoa mtu nyumbani ndicho hicho unachokipima. Ndiyo maana dodoso moja linaweza kuwa na maswali yaliyo salama na maswali yaliyopinda, ingawa kiwango cha mwitikio ni kimoja kwa yote.

Nionyeshe kwa namba.

Tuchukue kijiji cha wakulima wa viazi mviringo kwenye safu ya Uporoto. Namba nimezitunga ili hesabu ionekane vizuri, ila mwelekeo wake ni ule ninaouona kila msimu. Tunataka kujua kaya inalima wastani wa ekari ngapi za viazi. Kaya 200 zimechaguliwa. Sita zimekutwa nyumba tupu, wenyewe wamehama, kwa hiyo hazistahili kuhojiwa. Zinabaki 194.

Wadadisi wanapita mara ya kwanza asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita. Wanapata kaya 118. Nani yuko nyumbani saa nne asubuhi mvua za Novemba zikiwa zimeanza? Bibi anayelea wajukuu, mjane mwenye bustani nyuma ya nyumba, mgonjwa, mama aliyejifungua juzi. Wastani wao ni ekari 1.1.

Wanarudi jioni, saa kumi na mbili. Wanapata kaya 38 zaidi, na hizi zina wastani wa ekari 1.9. Hawa walikuwa shambani. Mara ya tatu wanarudi kwa miadi, wengi Jumapili mchana baada ya ibada, wanapata kaya 16 zenye wastani wa ekari 2.6. Kati ya hawa wapo wenye mashamba mawili matatu yaliyoachana, wanaosimamia vibarua, na wanaosindikiza mzigo hadi sokoni mjini. Zinabaki kaya 22 ambazo hazikupatikana kabisa au zimekataa.

Sasa angalia wastani unavyotembea. Kwa walioonekana asubuhi peke yao ni 1.1. Ukiongeza wa jioni unakuwa 1.29. Ukiongeza wa miadi unafika 1.42. Kila tuliporudi jibu lilipanda, na hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote kwamba waliobaki wangelipandisha tena. Tukichukulia kwamba wale 22 wanafanana na wa mara ya tatu, yaani ekari 2.6, wastani wa kijiji ni kama 1.55.

Kanuni yenyewe ni fupi, `m` ikiwa kiwango cha mwitikio:

```
upogo = (1 - m) * (wastani_waliojibu - wastani_wasiojibu)
```

Kwa asubuhi peke yake, waliokosekana ni 76 kati ya 194, yaani 0.39. Wastani wao wote ni ekari 2.25. Zidisha 0.39 kwa 1.1 kutoa 2.25, unapata pungufu la ekari 0.45 kwa kila kaya. Linaonekana dogo. Lakini kijiji kikiwa na kaya 1,000, zimepotea ekari 450. Anayepanga mbegu kwa kilo 800 kwa ekari atakuwa amepungukiwa tani 360, na atakapoulizwa atasema takwimu zilimwambia hivyo.

Kwenye kanuni ile kuna vitu viwili vinavyozidishana: sehemu ya waliokosekana, na tofauti yao na waliopatikana. Ukifuta kimojawapo, upogo unaisha. Kurudi kwenye kaya kunapunguza cha kwanza. Cha pili huwezi kukipunguza, unaweza kukifahamu tu, na hapo ndipo kazi ilipo.

Si tuongeze tu sampuli? Badala ya kaya 200 tuchukue 400.

Kaya 400 zilizotembelewa mara moja asubuhi zitakupa ekari 1.1 ile ile, ila sasa utaiamini zaidi. Sampuli kubwa inapunguza kuyumba kwa bahati, haigusi upogo. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma kadi za kura za maoni zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni mbili. Lilitabiri Landon atashinda urais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Orodha yao ilielemea wenye simu na magari, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na wasiorudisha. Milioni mbili hazikusaidia.

Nikipewa fedha ya kaya 400 katika kijiji kile, nitachagua 200 na kuzirudia mpaka zieleweke.

Nikimkosa mwenye nyumba, kwa nini nisiingie kwa jirani? Wote si wakulima wa hapa hapa?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe.

Miaka ya mwanzo nilisimamia utafiti wa ng'ombe wa maziwa upande wa Tukuyu. Muda ulikuwa mfupi na aliyetuajiri alitaka namba itimie. Niliwaambia wadadisi, "Ukimkosa, ingia inayofuata." Tulimaliza kwa wakati, na kwenye ripoti tukaandika mwitikio asilimia 100. Baadaye nilifungua alama za mahali zilizorekodiwa na vishikwambi, nikaziweka kwenye ramani. Kaya zilikuwa zimejipanga kando ya barabara ya lami na kwenye njia inayopitika na bodaboda, kama shanga kwenye uzi. Kule bondeni, ng'ambo ya mto, ambako orodha ilikuwa imetutuma, kulikuwa na alama mbili tatu tu. Hakuna aliyedanganya. Kila mdadisi alifuata agizo langu, na agizo langu lilikuwa linachagua watu wanaopatikana kirahisi.

Jirani unayemkuta nyumbani hafanani na uliyemkosa. Anafanana na wale uliokwisha kuwapata. Kwa hiyo ukiingia kwa jirani hujaziba pengo, umeongeza bibi mwingine mwenye bustani nyuma ya nyumba. Baya zaidi, umefuta ushahidi, maana fomu sasa inasema kaya 200 kati ya 200, na hakuna atakayejua pa kutafuta kosa.

Kuna mahali kubadilisha kaya kunaruhusiwa kwa utaratibu, na kaya za akiba zinachaguliwa ofisini kabla ya kwenda uwanjani. Hata huko, msimamizi ndiye anayeifungua akiba, baada ya marejeo kukamilika, na kaya iliyokosekana inabaki kwenye hesabu kuwa imekosekana. Tafiti kubwa za afya na idadi ya watu zinazofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu haziruhusu kubadilisha kabisa, na bado zinapata mwitikio wa kaya wa zaidi ya asilimia 95. Wanaupata kwa kurudi.

Nikitaka kujua kama timu imeanza kubadilisha kimyakimya, natazama vitu viwili kila jioni. Cha kwanza ni ramani. Cha pili ni ukamilifu unaotia shaka: mdadisi anayemaliza kaya zote ziara ya kwanza, siku tatu mfululizo, msimu wa kupanda, nitamfuata kesho yake.

Nirudi mara ngapi, na lini?

Kanuni ya kawaida ni ziara tatu kwa siku tofauti na saa tofauti. Neno zito hapo ni "tofauti". Ziara tatu za saa nne asubuhi ni ziara moja iliyorudiwa.

Anza kwa kuuliza, kabla hujapanga ratiba. Mwenyekiti wa kitongoji atakuambia siku ya mnada ni ipi, wanaamka saa ngapi kwenda mashamba ya mbali, na nani amekwenda Usangu au Kyela kwenye mpunga na anarudi lini. Ukimkosa mtu, usiishie kuandika "hayupo". Muulize mtoto au jirani, "Baba anapatikana saa ngapi?" na uandike jibu: "Jumamosi baada ya saa tisa, Ijumaa yupo mnadani." Mstari huo mmoja unaokoa nauli ya ziara mbili. Acha pia karatasi ndogo yenye jina lako, jina la utafiti na namba ya simu, na umwambie mtoto ampe mama.

Msiba ukitokea, simamisha kazi kwenye kitongoji hicho. Kwa Wanyakyusa hasa, kijiji kizima kiko msibani na kinaweza kukaa huko siku kadhaa. Mdadisi anayepita na kishikwambi wakati watu wako matangani hatapata jibu siku hiyo, na atakuwa amejifungia milango ya wiki ijayo. Nenda msibani, toa rambirambi kama watu wengine, utaambiwa na wenyewe siku ya kurudi.

Mjini kuna mwendo wake. Uyole au Mwanjelwa anayekosekana ni mwenye genge, fundi, mwalimu, bodaboda. Hao wanapatikana saa moja hadi saa mbili usiku, na Jumapili mchana. Mdadisi wa kike asitumwe usiku peke yake. Mpangie mwenzake watembee wawili, hata kama inapunguza kaya za siku.

Fedha imeisha na bado kaya 76 hazijajibu. Nifanyeje?

Usizigawie zote juhudi nusunusu. Chagua chache kwa bahati nasibu na uzifuate kwa nguvu zote. Njia hii ilielezwa na wanatakwimu Hansen na Hurwitz mwaka 1946, na sijaona nyingine inayofaa zaidi kwa mifuko yetu.

Rudi kwenye kijiji chetu. Baada ya asubuhi zimebaki kaya 76. Ziandike, uchague moja kati ya kila nne kwa bahati nasibu, utapata 19. Hizi 19 ndizo utakazozitafuta jioni, Jumapili, kwa simu na kwa miadi, na umtume mdadisi wako mzuri kuliko wote. Zile 57 unaziacha kabisa, hata ukipishana na mwenyewe njiani. Tuseme 19 zote zimejibu na wastani wao ni ekari 2.2. Kila moja inasimama kwa niaba ya kaya nne. Kwa hiyo wastani wa kijiji ni kaya 118 mara 1.1, jumlisha kaya 76 mara 2.2, gawanya kwa 194. Unapata 1.53. Kumbuka tulikadiria 1.55. Umeukaribia ukweli kwa kufuatilia kaya 19 tu.

Masharti ni mawili. Uchaguzi wa zile 19 uwe wa bahati nasibu kweli, usiwe wa zilizo karibu. Na lazima uzipate karibu zote. Ukipata 9 kati ya 19 umerudia tatizo lile lile kwa udogo. Pia usichanganye kaya za bahati nasibu na zile ulizozipata kwa kupishana njiani, maana hizo zinarudisha walewale wanaopatikana kirahisi.

Wanaokataa ni sawa na wasiopatikana?

Si sawa, na nawaomba wadadisi wasiwaandike chini ya kichwa kimoja. Asiyepatikana ana shughuli. Anayekataa ana sababu, na mara nyingi sababu inahusu utafiti wenyewe. Anaogopa kodi, anaogopa mgogoro wa ardhi, au amekwisha kuhojiwa mara tatu na hakuna aliyerudi kumwambia kilichopatikana. Mzee mmoja wa Mufindi aliniambia, "Mwanangu, ninyi mnaandika, mnakwenda, sisi tunabaki tulivyo." Sikuwa na jibu zuri.

Kati ya wasiopatikana wenyewe kuna makundi yanayovuta pande mbili. Mkulima mkubwa hayupo, na kibarua asiye na shamba naye hayupo, ametoka alfajiri kutafuta kazi ya siku. Kwenye wastani wa ekari wanaweza hata kufutana. Kwenye swali la nani ana uhakika wa chakula, hawafutani. Kwa hiyo usiishie kwenye wastani, tazama pia waliojibu ziara ya tatu wamegawanyikaje.

Kwa anayekataa, mambo machache yanasaidia. Mlangoni usianze na dodoso. Salamu kwanza, na ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani: "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" kwa Wanyakyusa. Mtoto wa mjini anayejitahidi kusalimia anapewa kigoda. Mtu akisema "leo sina muda", hajakataa. Ukimbishia ndipo atakataa. Mwambie, "Shikamoo mzee, nimekuelewa, naomba nipite Alhamisi jioni," na uondoke. Ziara inayofuata afanye mdadisi mwingine, ikiwezekana mtu mzima zaidi au wa jinsia nyingine. Akisema hapana kwa mara ya pili, imetosha. Kujibu ni hiari yake, na anayelazimishwa atakupa majibu ambayo ni heri usingekuwa nayo.

Mwenyekiti au balozi atusindikize nyumba kwa nyumba?

Atutambulishe, ndiyo. Bila yeye hutapita: barua ya kibali inatoka halmashauri, inapita kata, inafika kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayejua kaya ya jina fulani ni ipi, maana kwenye orodha kuna akina Mwakyusa watano. Lakini akishakutambulisha mlangoni, mwombe asogee. Kwenye maswali ya ruzuku ya mbolea, michango au ardhi, kiongozi akikaa kwenye benchi pembeni mwitikio unapanda na ukweli unashuka.

Tangazo la mkutano wa kijiji au la kanisani siku mbili tatu kabla linafanya kazi kuliko kusindikizwa. Liseme nani anakuja, anauliza nini, atachukua dakika ngapi, na kwamba hakuna usajili wa kodi wala wa misaada. Hilo la misaada lisisahaulike. Watu wakidhani ni uandikishaji wa msaada, mwitikio utakuwa mzuri ajabu na ekari zote zitasinyaa.

Tuwape zawadi?

Kidogo, na mapema. Tafiti za njia ya posta na simu zimeonyesha mara nyingi kwamba kitu kidogo kinachotolewa kabla ya kujibu kinavuta kuliko kikubwa kinachoahidiwa baadaye. Kwetu nimetumia mche wa sabuni na pakiti ya chumvi. Kila kaya ipate sawa, hata iliyokataa katikati. Zawadi ikiwa kubwa, kaya ambazo hazikuchaguliwa zitalalamika, na mwenyekiti ataanza kukuongezea majina.

Utafiti wa simu je? Tunapiga, hawapokei.

Jiweke upande wa anayepigiwa. Namba haijui. Wiki hii amepata ujumbe wa matapeli mara mbili, ule wa "hiyo hela tuma kwenye namba hii". Kwa nini apokee?

Tuma ujumbe mfupi siku moja kabla, wenye jina la utafiti na jina la mtendaji au kiongozi wa ushirika anayeweza kuulizwa. Tumia namba moja tu kwa mhojiwa huyo huyo, ili simu ya pili isiwe ya mgeni tena. Piga kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, kwa sababu mchana wengi simu iko mfukoni na mikono ina udongo, na vijiji vingine mtandao unashikika mlimani tu. Kama huwezi kumaliza kwa dakika 15, fupisha dodoso. Na usimuulize salio lake wala namba ya siri ya chochote. Wadadisi wapya huwa hawajui swali kama "unatumia mtandao gani wa pesa" linavyosikika upande wa pili.

Kuna pengo jingine ambalo kupiga tena hakulizibi: asiye na simu. Huyo hakuwa kwenye orodha tangu mwanzo, kwa hiyo hata mwitikio wa asilimia 100 haumgusi. Fomu zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ni hivyo hivyo na zaidi, maana hujui hata ni wangapi wameiona. Sizitumii kukadiria kitu chochote cha kijiji.

Asilimia ngapi ya mwitikio inatosha?

Hakuna namba. Watafiti Groves na Peytcheva walipitia tafiti 59 mwaka 2008 wakaona kiwango cha mwitikio peke yake kinasema kidogo sana kuhusu ukubwa wa upogo. Asilimia 70 iliyopatikana kwa ziara za saa tofauti naiamini kuliko asilimia 90 iliyojazwa na majirani.

Nawezaje kujua kitu kuhusu watu ambao sikuwapata?

Kwa macho. Kwa kila kaya iliyochaguliwa, ijibu isijibu, mdadisi ajaze fomu fupi akiwa nje ya uzio: paa ni bati au nyasi, ukuta ni tofali za kuchoma au udongo, kuna sola, kuna banda la ng'ombe, ni mwendo gani kutoka barabarani. Ni dakika mbili. Mwisho wa siku unalinganisha. Waliojibu wakiwa na banda la ng'ombe asilimia 30 na wasiojibu asilimia 55, umeshajua mzani umelalia wapi kabla hujafungua kompyuta. Omba mwenyeji anayekuongoza asikujazie majibu kwa kumbukumbu. Unachohitaji ni kile kinachoonekana.

Cha pili ni kulinganisha na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Ukubwa wa kaya, sehemu ya kaya zinazoongozwa na wanawake, umri. Kama sensa inaonyesha kata ina kaya za mtu mmoja nyingi na wewe karibu huna, umewakosa vijana na vibarua.

Cha tatu umeshakiona: panga waliojibu kwa ziara waliyopatikana, uone jibu linatembea au limetulia. Likitulia kuanzia ziara ya pili, una haki ya kupumua.

Uzito wa takwimu hautatusaidia kurekebisha?

Unasaidia kwa kadiri ya ulichokijua. Kama kitongoji cha juu kimejibu kaya 10 kati ya 20 na cha chini 20 kati ya 20, kila kaya ya juu unaipa uzito wa 2, yaani unaihesabu kama kaya mbili, na vitongoji vinarudi kwenye uwiano wake. Lakini hapo umesema kwamba wale 10 waliokosekana juu wanafanana na wale 10 waliopatikana juu. Kama waliopatikana ni wajane na waliokosekana ni wenye malori, umewazidisha wajane mara mbili. Ndiyo maana fomu ile ya macho ina thamani: ukiwa na banda la ng'ombe na umbali wa barabara kwa kaya zote 194, unaweza kukokotoa uzito ndani ya makundi yanayofanana kweli.

Kwenye tafiti za VVU, wanaokataa kupimwa wanaharibu kiasi gani?

Ni swali la kwetu hasa, kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa juu kwenye tafiti za kitaifa za maambukizi. Hatari ina sura mbili. Anayeijua hali yake anaweza kuona hana sababu ya kupimwa tena mbele ya wageni. Na wanaume wanaohamahama kwa kazi, mashamba ya chai, mbao, machimbo ya Chunya, ndio wagumu kupatikana. Kwenye tafiti hizi mwitikio wa wanaume huwa chini ya wa wanawake. Kinachosaidia ni kurekodi asiyepatikana na aliyekataa kipimo kila mmoja peke yake, na kuuliza kwenye dodoso, kwa wanaokubali mahojiano lakini wanakataa damu, kama wamewahi kupima. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia kama wanaokataa wanafanana na wengine.

Kwenye ripoti niandike nini?

Andika njia nzima ya kaya, tangu kuchaguliwa hadi kujibu, hata kama inaaibisha. Kwa kijiji chetu ningeandika hivi:

"Kaya 200 zilichaguliwa. Sita zilikuwa tupu na zimeondolewa. Kati ya 194 zilizobaki, 118 zilihojiwa ziara ya kwanza, 38 ya pili na 16 ya tatu. 9 zilikataa na 13 hazikupatikana baada ya ziara tatu. Hakuna kaya iliyobadilishwa. Kiwango cha mwitikio ni asilimia 88.7. Wastani wa ekari za viazi ulipanda kutoka 1.1 kwa waliopatikana ziara ya kwanza hadi 1.42 kwa wote waliojibu, kwa hiyo tunaona 1.42 iko chini ya hali halisi. Kama waliokosekana wanafanana na waliopatikana ziara ya tatu, wastani ni karibu 1.55."